Uso wa pasipoti kwenye mwili wa suti: nani anaamua ukubwa wa picha?

Mafundi picha wa Kahama, Katoro na Geita mjini wanaifahamu kazi hii vizuri. Mchimbaji amefariki na familia inataka picha ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye ratiba ya ibada. Picha zake nyingi ni za simu: amesimama na wenzake kando ya duara au karibu na karasha, kofia imefunika paji la uso na jua la saa sita limejaza macho kivuli. Picha pekee inayoonyesha uso vizuri ni pasipoti ndogo aliyopiga kwa ajili ya fomu fulani. Hivyo familia inaleta pasipoti hiyo pamoja na picha ya ndugu mwenye umbo kama lake, amevaa suti, na inaomba uso uhamishiwe huko.

Kazi ikiharibika, watu husema uso “umebandikwa”. Mara nyingi lawama hutupiwa rangi ya ngozi, nayo ni rahisi kurekebisha. Ninavyoona mimi, kinachoiumbua picha kwanza ni vipimo: uso na mwili vimetoka katika picha zenye idadi tofauti ya pikseli, tena zilizokatwa kwa mipaka tofauti.

Tuanze na mipaka. Pasipoti imekatwa kuanzia juu ya nywele hadi mabegani, ilhali kwenye picha ya suti fundi huchora kisanduku kuanzia paji la uso hadi kidevu. Akivilinganisha visanduku hivyo viwili, kichwa kitatoka kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu kisanduku kimoja kimebeba vitu ambavyo kingine hakina. Kipimo cha kuaminika kimo ndani ya uso wenyewe, nacho ni umbali kati ya mboni mbili za macho. Kwa watu wazima hukaribia milimita 63, na hautofautiani sana kati ya mtu na mtu. Hesabu pikseli kati ya mboni kwenye picha zote mbili, kisha gawanya moja kwa nyingine. Kama mmoja amegeuza uso kidogo, umbali huo utaonekana mfupi kuliko ulivyo, kwa hiyo hakiki pia umbali wa kutoka mstari wa macho hadi mdomo.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Tuseme kwenye pasipoti ya karatasi mboni zimeachana milimita 9. Ukiiskani kwa pikseli 600 kwa inchi, utapata pikseli kama 213. Picha ya suti imepigwa kwa simu, ina pikseli 3000 kwa 4000, inamwonyesha mtu kuanzia kiunoni, na mboni zake zimeachana pikseli 250. Ukigawanya 250 kwa 213 unapata 1.17. Fundi anaona uso unahitaji kukuzwa kidogo tu, anaukuza, anaunganisha na kuchapa. Matokeo yake ni kola ya shati inayoonyesha kila uzi na uso laini kama uliopakwa mafuta.

Kosa liko kwenye ile 213. Skana imetoa pikseli nyingi, lakini karatasi haikuwa na maelezo ya kuzijaza zote. Pasipoti ya kawaida huchapwa kwa takriban pikseli 300 kwa inchi, kwa hiyo uso wa kweli uliomo ni wa pikseli 106 kati ya mboni. Nyingine ni nafasi tupu zilizojazwa na skana. Kuna jaribio la kulithibitisha hilo: punguza uso hadi nusu, urudishe ukubwa wake, kisha uuweke kando ya ule wa awali.

```
magick uso.png -resize 50% -resize 200% jaribio.png
```

Ukikosa tofauti kwenye kope na nyusi, basi nusu ya kipimo chako ilikuwa hewa. Hesabu ya kweli sasa ni 250 kugawanya kwa 106, yaani uso unatakiwa kukuzwa karibu mara 2.4. Hakuna namna ya kukuza itakayozaa kope ambazo karatasi haikuzishika.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uso ndio unaoamua ukubwa wa picha nzima. Badala ya kuuvuta uso uufikie mwili, ushushe mwili uufuate uso. Picha ya suti ikipunguzwa ijae karatasi ya inchi 5 kwa 7, yenye pikseli 1500 kwa 2100, umbali wa mboni unashuka hadi kama 131. Uso wenye 106 za kweli unapanda kidogo tu, na jicho la kawaida halitaona mpaka. Kwa inchi 8 kwa 10 mboni zinafika 200, karibu maradufu ya uwezo wa pasipoti, na hapo tofauti inajitokeza mtu akiishika picha mkononi. Bango la kutazamwa kutoka mita mbili au zaidi lina nafuu, kwa kuwa linaweza kuchapwa kwa pikseli 150 kwa inchi bila mtu kugundua.

Namna ya kupunguza nayo ina maana. Programu ikiruka pikseli tu bila kuchukua wastani wa jirani zake, suti ya mistari itatoa mawimbi ambayo kitambaa hakina. Kwenye GIMP, epuka `None`. Chagua `Cubic` au `NoHalo`. Halafu kila badiliko la ukubwa au mzunguko hulainisha picha kidogo, kwa hiyo usiuzungushe uso leo, ukaupunguza baadaye, ukauzungusha tena. Tafuta kipimo na pembe kwanza, kisha fanya vyote kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye skani ya awali. Kwa mfano wetu wa inchi 5 kwa 7, 131 kugawanya kwa 213 ni 0.615, tuseme kichwa kimeinama digrii 4:

```
magick uso.png -alpha set -virtual-pixel transparent +distort SRT 0.615,-4 uso2.png
```

Shona kiungo chini ya kola, si katikati ya shingo. Mwisho kabisa, baada ya vipimo vyote, ongeza chembechembe kidogo juu ya picha nzima ili shavu na shati vifanane. Ukiziongeza mapema, kupunguza kutazifuta.

Kukagua kazi ya mwingine si kazi ngumu. Itazame picha kwa asilimia 100 na ulinganishe kope na uzi wa kola. Kama uso ulitoka kwenye faili ya JPEG, tafuta miraba kwenye shavu. JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na uso uliokuzwa mara moja na nusu utakuwa na vipande vya 12. Kisha punguza picha hatua kwa hatua. Ukubwa ambao uso na shati vinaanza kufanana ndio mkubwa kabisa uliostahili kuchapwa.

Kuna kazi ya kukataa. Uso uliokatwa kwenye picha ya kundi iliyopita WhatsApp unaweza kuwa na pikseli 20 tu kati ya mboni. Kuufikisha kwenye 131 ni kuuchora upya, na anayechora atakuwa ameitengenezea familia mtu mwingine. Afadhali kumweka marehemu jinsi alivyo kwenye picha ile ya duarani, ndogo, na kofia yake.

Kwa wenye picha za ndugu zenu: leteni pasipoti yenyewe ya karatasi, wala msiipige kwa simu. Na kama picha iko kwenye simu, itumeni kama `Document`, maana hapo WhatsApp haigusi hata pikseli moja.