Jiwe la kilo kwanza

Duka la rejareja mjini Ngara siku ya gulio halina nafasi ya mtu kugombana kwa raha zake. Wateja wameshuka kutoka Rulenge na Murusagamba, wengine wamevuka mpaka wa Kabanga wakitokea Burundi, na wote wana basi au bodaboda inayowasubiri. Mtu mmoja akianza kupaza sauti kwamba kapunjwa, foleni nzima inageuka kuwa baraza. Ndiyo maana napenda kumtazama muuzaji anayejua kupokea malalamiko. Hii ni kazi ya ufundi kabisa, yenye hatua zake, na duka zuri huziandika hatua hizo na kuzibandika nyuma ya kaunta ili kijana aliyeajiriwa jana azifuate sawasawa na yule aliyekaa hapo miaka.

Hatua ya kwanza ni kumtoa mlalamikaji kwenye foleni bila kumfanya ajione anafukuzwa. Muuzaji hodari humwamkia kwanza. "Shikamoo mama, pole na safari. Sogea huku nikusikilize vizuri." Huku ni mwisho wa kaunta, mahali penye benchi na mizani ya pili, si stoo wala nyuma ya pazia. Mteja akipelekwa mahali pasipoonekana, waliobaki watadhani kuna jambo linafichwa, naye atadhani hivyo hivyo. Kisha muuzaji anasikiliza hadi mwisho mikono ikiwa imetulia. Hagusi mzigo uliorudishwa na hafungui mfuko, maana ukishafunguliwa kabla ya kupimwa, ushahidi wa pande zote mbili umepotea. Wengi wa wateja hawa huanza kueleza kwa Kiswahili, wakipandwa na hasira wanahamia Kihangaza au Kirundi. Muuzaji mzuri anawafuata huko, halafu anarudia kwa maneno machache alichosikia na kuuliza kama ndicho.

Lalamiko la kila siku ni chenji. Mteja anasema alitoa noti ya elfu kumi, muuzaji ana hakika alipokea ya elfu tano. Kinga yake inajulikana: noti ya mteja inabaki juu ya kaunta, machoni pa wote wawili, mpaka chenji ihesabiwe na kukubaliwa. Ila siku ya msongamano kinga hiyo husahaulika, na hapo utaratibu unasema jambo moja tu, kwamba droo isimame na ihesabiwe.

Tuseme asubuhi droo ilianza na shilingi 40,000 za chenji. Mashine ya risiti, ikiombwa ripoti ya katikati ya siku, inaonyesha mauzo ya taslimu ya 312,500, pamoja na mauzo haya yanayobishaniwa. Waliolipa kwa simu wamewekwa kando. Basi droo inapaswa kuwa na 352,500. Ikihesabiwa mbele ya mteja na kukutwa na 357,500, ile elfu tano iliyozidi ni yake, na anapewa palepale pamoja na samahani. Ikikutwa sawasawa, anaonyeshwa hesabu ilivyo. Tofauti ikiwa kiasi kingine, tuseme 1,700, hesabu haijathibitisha wala haijakanusha kitu, na muuzaji mwenye adabu husema hivyo waziwazi badala ya kuitumia kama ngao.

Hesabu hii inaharibiwa na jambo dogo sana. Mtu amechukua elfu mbili kwenye droo akamlipa mbeba mizigo, hakuandika. Tangu dakika hiyo droo haiwezi tena kumtetea yeyote. Kwa hiyo duka linalojua kazi yake lina kijitabu cha matumizi kando ya droo, na hata mwenye duka akichukua pesa ya chai anasaini. Ukiona kijitabu hicho kimejaa miandiko tofauti tofauti, hapo malalamiko ya chenji yanaamuliwa kwa haki.

Lakini ufundi wenyewe unaonekana zaidi kwenye uzito. Chukua mfano wa maharage. Mama amenunua pakiti tano za kilo moja moja, zilizofungwa dukani kwenye mifuko ya karatasi. Amefika kwake, jirani ana mizani, amepima. Kila pakiti inakosa karibu gramu 60. Amerudi nazo, bado zimefungwa, na ana hakika ameibiwa.

Muuzaji asiyefundishwa atasema mizani ya jirani ni mbovu, na hapo ugomvi unaanza. Aliyefundishwa haanzi na pakiti wala na jirani. Anaanza na mizani yake mwenyewe. Anaangalia kama imekaa sawa juu ya meza, kama inasoma sifuri ikiwa tupu, kisha anatoa jiwe la kilo lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo na kuliweka juu ya sahani. Mama anaona kwa macho yake mizani inasoma 1,000. Mpaka hapa hakuna aliyeambiwa kakosea, ila sasa wote wawili wana kipimo wanachokiamini. Naipenda hatua hii kuliko zote. Inachukua nusu dakika, na baada yake sauti hushuka zenyewe.

Ndipo pakiti zinapimwa, moja moja, uzito wa mfuko mtupu ukiondolewa. 944, 941, 943, 942, 943. Muuzaji anaandika kila namba huku mama akiangalia, kisha anafanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: anashusha rafuni pakiti nyingine za tarehe ileile ya kufungwa na kuzipima pia. Zote zinacheza humohumo. Sasa kosa limejulikana kuwa si la mama wala la jirani. Lingekuwa la pakiti moja, angeshuku haraka ya mfungaji au mfuko uliotoboka. Likiwa la fungu zima, tena kwa kiasi kinachokaribiana hivyo, yaelekea maharage yenyewe yamepungua.

Na kweli yamepungua. Maharage yaliyonunuliwa shambani mara baada ya mavuno huwa bado na maji mengi. Tuseme yalifungwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Katika kilo moja, gramu 820 ni punje kavu na 180 ni maji. Yakikaa rafuni wiki kadhaa ndani ya karatasi, maji yanatoka taratibu mpaka unyevu ufike kama asilimia 13. Zile gramu 820 hazijaenda popote, ila sasa ni asilimia 87 ya mzigo, na ukigawanya 820 kwa 0.87 unapata takriban 943. Gramu 57 zimepanda hewani. Aliyefunga alipima kwa haki na mteja amepunjwa kweli, yote mawili kwa pamoja. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, karatasi imeshika kazi nyingi madukani, na karatasi inapumua.

Malipo hayasubiri maelezo hayo. Kila pakiti inajaziwa hadi itimie kilo ya maharage yenyewe, bila kuhesabu karatasi, kwa kuwa mfuko hauuzwi kwa bei ya maharage. Kwa pakiti tano ni kama gramu 285, thamani ndogo tu. Utaratibu unamruhusu mtu wa kaunta kuamua mwenyewe hadi kiwango kilichoandikwa, tuseme shilingi 10,000, bila kumpigia mwenye duka. Kiwango hiki ni cha lazima. Mwenye duka akiwa Nyakanazi kufuata mzigo na simu haipatikani, mteja akiambiwa "subiri bosi", lalamiko la gramu 285 linakuwa kisa cha kijiji kizima. Kinachozidi kiwango hicho ndicho kinachomsubiri bosi, na hata hapo mteja anaondoka na siku na saa ya kujibiwa.

Kisha daftari. Linaandikwa tarehe, bidhaa, tarehe ya kufungwa, maneno ya mteja kama alivyoyasema, kilichopimwa, kilichotolewa, na saini au dole gumba. Jina la muuzaji halipewi safu ya mbele. Safu hiyo ikiwekwa, wauzaji huanza kumaliza malalamiko kimyakimya kwa pesa zao za mfukoni ili wasiandikwe, na duka linabaki kipofu. Kila Jumamosi jioni daftari linasomwa kwa kufuata bidhaa. Maharage yakitokea mara tatu, pakiti zote za siku ile zinashushwa na kupimwa upya, hata kama hakuna mwingine aliyelalamika. Mwongozo wa kimataifa ISO 10002 unaeleza safari hiyohiyo, tangu kupokea lalamiko hadi kulifunga na kujifunza kutokana nalo, lakini daftari la kurasa 96 linaitosheleza kazi.

Marekebisho yanafanyika stoo. Kabla ya kufunga maharage, muuzaji anachukua chupa kavu ya kioo, anatia punje na chumvi iliyokaushwa vizuri, anatikisa na kuiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, punje zimezidi unyevu wa asilimia 15 na zinarudi juani. Ikianguka chini yote, zimeshuka chini ya hapo na zinaweza kufungwa, ingawa bado zinaweza kupungua kidogo. Mizani nayo inawekewa jiwe kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza.

Maduka mengine yamebandika kibao kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, wakidhani kibao kinafunga mjadala. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki alizonazo, na bidhaa yenye kasoro haiponywi na karatasi ya ukutani. Mteja asiye na risiti naye asifukuzwe haraka. Risiti ilipaswa kutolewa, na kama mfuko una tarehe ya kufungwa na mwandiko wa duka, mzigo unajitambulisha wenyewe.

Yapo yasiyopimika kaunta. Betri ya sola inayolala mapema kuliko ilivyoahidiwa haiamuliwi kwa kuiangalia, wala muuzaji asijifanye fundi. Anaiwasha mbele ya mteja, anaandika ilichoonyesha na namba iliyo ubavuni mwake, anampa karatasi ya kuipokea, na kumtajia siku atakayompigia simu, labda Alhamisi, baada ya kuituma kwa wakala wa jumla. Alhamisi ikifika na wakala hajajibu, simu inapigwa vilevile, mteja anaambiwa hivyo, na siku nyingine inaandikwa kwenye karatasi yake na kwenye daftari.