Uongo wa Makusudi

Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha makala fupi iliyowaondolea wahandisi adha ya kufumbua milinganyo mingi kwa pamoja. Njia yake ya kugawa momenti huanza na uongo wa makusudi: kiungo kinachoweza kuzunguka hufungwa kana kwamba hakizunguki, kisha huachiwa.

Tuchukue boriti ya zege yenye unene mmoja. Kutoka A hadi B ni mita 6, na pale A imelala tu juu ya nguzo. Kutoka B hadi C ni mita 8, na C imeshikwa imara ukutani. Mzigo ni kilonyutoni 12 kwa kila mita.

Funga B. Kwa kuwa A iko huru, kipande kifupi huleta pale B momenti ya wL²/8, yaani 54. Kipande kirefu kimeshikwa ncha zote mbili, hivyo huleta wL²/12, yaani 64. Pande zinavutana, na tofauti ni 10.

Sasa fungua B. Kila kipande hubeba sehemu ya tofauti hiyo kulingana na ukaidi wake wa kuzungushwa: 3EI/6 kwa kifupi, 4EI/8 kwa kirefu. Ukaidi unalingana, kwa hiyo kila kimoja huchukua 5 na B hutulia kwenye 59. Nusu ya 5 husafiri hadi C, ambako 64 huwa 66.5. A haipokei kitu, iko huru. Kazi imeisha kwa duru moja, na huo ndio uzuri wa ncha ya mbali iliyoshikwa: hupokea, hairudishi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutumia ukaidi wa 3EI/6 huku kipande kifupi kikihesabiwa kwa wL²/12, yaani 36. Tofauti inakuwa 28, B inapata 50 kila upande, na mizani inaonekana safi kabisa. Jumla sifuri haithibitishi chochote hapa.

Kinachofichua kosa ni mzunguko. Tuiite EI moja. Mzigo peke yake hukizungusha kipande kifupi pale B kwa 108, na momenti ya 50 hukirudisha kwa 100. Kinabaki kimeinamia upande wa mzigo wake kwa 8. Kipande kirefu nacho kinainamia upande wake kwa 28. Boriti ingekuwa imevunjika juu ya nguzo! Kwa 59 kipande kifupi hurudishwa kwa 118, kikapitiliza kwa 10, na kirefu kikainama kwa 10 hiyohiyo, mwelekeo uleule. Haya yote yanashika mradi nguzo hazititii. Nguzo ya B ikishuka, momenti za kuanzia hubadilika kabla hujafungua chochote.