Gramu 270

Kichwa cha bango kilikuwa kimeshaandikwa kwa kalamu nene: ZIWA HURUDISHA MAJI KWENYE KAHAWA. Binti wa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa Mbinga, alikuwa anajiandaa kwa maonyesho ya wanasayansi wanafunzi ya YST, ambayo Dar es Salaam imeyaona tangu 2012. Swali lake lilikuwa la nyumbani: kahawa ya maganda, ikishamenywa, ikavundikwa na kuoshwa, hukauka vipi milimani, na hukauka vipi kule chini ziwani?

Alipima mafungu mawili ya gramu 2,000. Moja alilianika kwao, kwenye kichanja. La pili lilishuka na basi hadi Mbamba Bay kwa shangazi yake, muuza dagaa, aliyetakiwa kutumia trei mpya. Kahawa hudaka harufu upesi, na ya dagaa haitoki. Kila asubuhi saa nne mizani ilisomwa pande zote mbili, na shangazi akituma namba kwa simu.

Namba za ziwani zilikuwa hizi, kuanzia siku ya kwanza: 1,640, 1,430, 1,300, 1,480, 1,150, 1,110, 1,090. Siku ya saba kipima unyevu cha Amcos kilisoma asilimia 12, basi fungu lilikuwa tayari. Kinachoondoka ni maji tu, kwa hiyo asilimia 88 ya gramu 1,090, yaani takriban 959, ndiyo kahawa kavu iliyokuwamo tangu mwanzo. Kwa hesabu hiyo fungu lilianza na unyevu wa asilimia 52, na kila namba ya katikati ikapata asilimia yake.

Mstari ulishuka vizuri, ukapanda ghafla siku ya nne, ukashuka tena. Kilima kile ndicho kilichozaa kichwa cha bango. Na kwa kweli kilipendeza: upepo wa usiku, unyevu wa ziwa, kahawa inayokunywa. Maelezo matamu kiasi hicho ndiyo ya kuogopwa.

Kilichomsumbua binti ni kilima kingine, kidogo, kwenye mstari wa Mbinga. Asubuhi moja ukungu uliingia chini ya turubai na fungu likaongezeka gramu 20. Yeye mwenyewe alikuwepo na nguo zilikuwa zimelowa kwenye kamba. Ikiwa ukungu wa Mbinga unaleta gramu 20, upepo wa Julai wa Mbamba Bay ulileta vipi 180 kwa usiku mmoja, kisha ukaziacha ziondoke zote, na zaidi, siku inayofuata?

Alifunika nukta ya nne kwa kidole akaunganisha zilizobaki kwa penseli. Mstari ulipita karibu na 1,210. Kutoka hapo hadi 1,480 ni gramu 270, na trei ya shangazi ina uzito wa gramu 270.

Wengi wangefuta hapo hapo. Yeye hakugusa grafu. Penseli inaweza kuonyesha namba ingefaa iwe ipi, lakini haiwezi kusema mizani ilisoma nini.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Namba zimeisha, sasa unataka nini tena?”

“Naomba unipigie picha daftari lako. Ukurasa wote.”

Picha ilifika usiku. Kila siku ilikuwa na safu mbili, uzito pamoja na trei na uzito bila trei, kwa mwandiko mnene wa shangazi. Siku ya nne mwandiko ulikuwa mwingine. Shangazi alikuwa amewahi mitumbwi ya dagaa, akamwachia mwanawe mizani. Mtoto aliandika 1,480 kwenye safu ya kwanza, ya pili akaiacha tupu, na jioni shangazi alituma namba aliyoikuta.

Binti alikata 1,480 kwa mstari mmoja, ili bado isomeke, akaandika pembeni 1,210, tarehe na sababu: trei haikutolewa. Kisha akatoa trei upya kwenye kila siku ya madaftari yote mawili, hata zile zilizokaa sawa kwenye grafu, maana kosa linalofuata mkondo halijitokezi lenyewe. Kilima cha ukungu wa Mbinga kilibaki. Safu zake mbili zilikubaliana.

Siku ya nne ya ziwani ilishuka kutoka asilimia 35 hadi karibu 21. Hadithi ya ziwa linalorudisha maji ikafa, na mahali pake pakabaki mteremko mkali mno. Kahawa inayokauka kwa haraka namna ile huweza kupasuka ganda, na mizani haionyeshi ufa. Fungu la Mbamba Bay liliporudi na basi, alilimwaga juu ya meza, akaanza kutenga zilizopasuka, halafu akapiga simu tena.

“Shangazi, nikikuletea fungu lingine, utaweza kulifunika kuanzia saa tano mpaka saa tisa?”

“Nitalifunika. Lakini huyu mwanangu umfundishe safu ya pili.”