Vidole Visivyo na Wino

Katika mwaka uliotangulia kifo cha baba yake mwaka 1943, James Baldwin, kijana mweusi wa Harlem, alikuwa akifanya kazi New Jersey kwenye viwanda vya zana za vita. Karibu na Princeton palikuwa na mkahawa wa kujihudumia. Alisimama kaunta na vijana wa chuo akingoja mkate wa nyama na kahawa, na kila mara alingoja mno. Safari ya nne ndipo alipoambiwa kwamba weusi hawahudumiwi pale. Chakula alichokula siku zote hakuwekewa yeye. Alikuwa amejichukulia tu kilichokuwepo. Wenyeji walikuwa wakingoja atambue mwenyewe kwamba hajawahi kumwona mweusi mwenzake mle ndani.

Kisa hiki kimo katika insha yake ya mwaka 1955, "Notes of a Native Son". Ninachokistahi ni mpangilio wake. Mwandishi mwingine angeanza na tangazo la ubaguzi, kisha alete mkahawa kuwa ushahidi. Baldwin anatupanga foleni pamoja naye, na sisi tunangoja kahawa bila kujua. Ukweli unapofika, unatufikia kama ulivyomfikia yeye, umechelewa, na zile safari tatu za mwanzo zinageuka aibu kwa mkupuo mmoja. Huko ndiko hasira iliko, na wala hapo hakuitaja.

Baadaye, usiku mmoja huko Trenton, anaingia kwenye mgahawa wa kifahari akijua fika hatahudumiwa. Mhudumu anamjia huku macho yamemtoka kwa hofu. Baldwin hamgeuzi shetani. Hofu ile anatuonyesha. Wala yeye mwenyewe hajisitiri: anakiri kwamba alijifanya hasikii ili binti yule asogee karibu, apate kumkaba koo. Anarusha kikombe cha maji, kinamkosa, kinavunjikia kwenye kioo nyuma ya baa. Kwa kuwa ametenda haki kwa mhudumu na hakujipendelea, msomaji hana pa kukimbilia. Hawezi kusema, "Huyu anatia chumvi."

Kujizuia huku si upole, wala si kumtafutia mbaguzi udhuru. Baldwin huitaja hasira yake waziwazi, hata akaifananisha na homa iliyomo damuni. Ila haruhusu jina la hasira lishike nafasi ya tukio.

Mimi nilijifunza hayo kwa kuharibu. Nilipotaka kuandika jinsi nilivyoomba kitambulisho Mombasa nilipotimiza miaka 18, rasimu yangu ya kwanza ilijaa "udhalilishaji", "unyama" na "dhuluma isiyovumilika". Rafiki yangu aliisoma akaniuliza, "Kwani walikufanya nini?" Kurasa tatu, na hakujua. Nikachukua kalamu nikafuta kila neno lililomwelekeza msomaji aone nini moyoni. Ilibaki aya moja. Basi hicho ndicho kipimo: ukishayaondoa maneno hayo na usibakiwe na kitu, ujue bado hujalikumbuka tukio, umekumbuka uchungu wake tu.

Nikarudi kukumbuka. Tulikwenda wawili, mimi na kijana tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Jina lake ni la bara. Langu lina "bin" katikati. Karani alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, akatukaribisha viti. Karatasi za mwenzangu alizitazama mara moja. Zangu alizigeuza nyuma na mbele.

"Kijana, asili yenu nyinyi ni wapi?"

"Mombasa, mzee."

"Kabla ya hapo?"

Akanitaka nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Nilimwambia babu alizaliwa nyumbani, Mji wa Kale, na cheti hakuwa nacho. Akaitikia kwa kichwa kama anayenihurumia, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Ile mikono miwili nilitaka kuiacha, kwa sababu ilimpendezesha. Nikaibakiza, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa mlango uliofungwa kwa heshima huna hata wa kumgombeza. Sentensi ya mwisho, iliyoeleza kwamba nilijiona mgeni katika mji wa babu zangu, niliifuta. Msomaji akiwa amekwisha kusikia "kabla ya hapo", ukimweleza tena unamwambia humwamini.

Aya ikaishia nje ya ofisi. Mwenzangu alitoka akijifuta wino wa vidole kwa kipande cha gazeti. Akanitazama mikono, akalikunja lile gazeti akalitia mfukoni. Hatukusema kitu hadi kituo cha matatu.

Kitambulisho chake kilitoka mwaka uleule. Changu nilikipata baada ya miezi 14.