Mkoba wa Ukili Mtandaoni: Soko la Watu au Duka Lako?

Mgeni amesimama kwenye mlango wa duka la mikoba huko Gizenga, Mji Mkongwe, mkoba mmoja ameshautundika begani. Amelipa na chenji amepewa, lakini haondoki. Anataka kujua kama akifika kwao anaweza kuagiza mwingine kwa ajili ya dada yake. Muuzaji anamwambia inawezekana na kumwandikia namba ya simu nyuma ya risiti. Wiki tatu baadaye ujumbe unaingia WhatsApp kutoka Ujerumani, mkoba umechaguliwa, bei imekubaliwa, kisha linakuja swali moja linalosimamisha biashara yote: nikulipe vipi?

Nimeanzia hapo kwa sababu muuzaji mdogo wa Unguja akiuliza aanze na soko la mtandaoni la watu wengine au afungue duka lake mwenyewe, jibu analopewa mara nyingi limetoka nchi nyingine. Huambiwa aanze na soko, maana wateja wako huko tayari, na duka atalijenga akishakua. Kwa muuzaji wa Manchester ushauri huo una mantiki yake. Kwa mtu wa Mji Mkongwe anayeuza mikoba ya ukili kwa wageni, naona umekaa kichwa chini miguu juu, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na soko lenyewe. Soko la dunia linalojulikana zaidi kwa vitu vya mkono ni Etsy. Duka jipya huko halifunguliwi mpaka mwenye duka awe katika nchi ambayo Etsy inaweza kumlipa kwa mfumo wake wenyewe wa malipo, na Tanzania haimo katika nchi hizo. Ukijaribu kufungua utapiga picha, utaandika maelezo, utapanga bei, halafu utafika kwenye ukurasa wa kuchagua nchi ya benki na nchi yako usiione. PayPal nayo haisaidii: akaunti ya Tanzania hutuma pesa lakini haipokei, tofauti na ya Kenya, ambako tangu 2018 pesa ya PayPal hushushwa moja kwa moja kwenye M-Pesa.

Wapo wanaozunguka ukuta huo kwa kutumia jina la ndugu aliyeko Uingereza, Kanada au Marekani, wakijifanya duka liko kule huku kila kifurushi kikitoka Unguja. Njia hiyo siishauri. Namba ya ufuatiliaji ya kifurushi inaonyesha kilikotoka, na soko likishuku huzuia duka pamoja na pesa iliyomo. Kodi ya mauzo nayo inabaki kwenye jina la ndugu. Kama ndugu yuko tayari, awe mshirika wa kweli: umpelekee mikoba 30 kwa mkupuo mmoja, aihifadhi kwake, yeye ndiye awe muuzaji na aitume kutoka hukohuko.

Na tukichukulia kuwa ushirika huo upo, hesabu yake ni hii. Chukua mauzo ya dola 50, mkoba na usafirishaji pamoja, katika duka la Etsy lililofunguliwa Marekani. Kuweka bidhaa ni senti 20 kwa miezi minne. Kamisheni ni asilimia 6.5, nayo hukatwa kwenye jumla yote, usafirishaji ukiwemo, kwa hiyo ni dola 3.25. Kuchakata malipo ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, yaani dola 1.75. Jumla dola 5.20. Kuna kato jingine ambalo wengi hawalioni mpaka linapowagusa: mteja akija kupitia tangazo ambalo Etsy yenyewe imelilipia nje ya soko, duka dogo hukatwa asilimia 15, ambayo hapa ni dola 7.50. Duka lenye mauzo chini ya dola 10,000 kwa mwaka linaruhusiwa kujitoa kwenye matangazo hayo, lakini lazima uingie kwenye mipangilio na kujitoa mwenyewe.

Sasa duka lako. Ukikodi Shopify kwa mpango wa msingi, unalipa dola 39 kwa mwezi uuze usiuze. Mfumo wa malipo wa Shopify wenyewe haufanyi kazi Tanzania, hivyo utatumia kampuni nyingine, na kwa hilo Shopify inakata asilimia 2 ya ziada kwa kila mauzo. Kampuni zinazopokea kadi za nje kwa wafanyabiashara wa Tanzania zipo, Pesapal na DPO zikiwemo. Tuchukue kwa mfano kwamba mkataba wako ni asilimia 3.5. Mauzo yale yale ya dola 50 yatakatwa dola 2.75. Kwa hiyo duka lako linaokoa dola 2.45 kwa kila mkoba, na kuzirudisha zile dola 39 za mwezi unahitaji kuuza mikoba 16 kila mwezi. Nafuu ya maana inaanzia mkoba wa 17.

Muuzaji anayeanza hauzi mikoba 16 kwa mwezi kwa watu wasiomjua. Hapo ndipo watetezi wa soko husema wameshinda hoja, na wangeshinda kweli kama mteja wa Unguja angekuwa mgeni wa mtandaoni. Lakini siye. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na wengi walipita kwa miguu katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Kazi ambayo soko la mtandaoni hulipwa kamisheni kuifanya, yaani kumkutanisha muuzaji na mtu asiyemjua, hapa inafanywa na ndege na meli. Mgeni wa Gizenga ameshaushika mkoba, ameunusa, amekuona uso. Hana haja ya kukutafuta katikati ya mikoba ya dunia nzima. Anachohitaji ni njia ya kukulipa tena akiwa mbali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si soko wala si duka la dola 39. Ni kiungo cha malipo. Kampuni za malipo huruhusu kutengeneza ankara au kiungo cha kulipia kwa kadi, ukakituma WhatsApp, mteja akalipa, pesa ikaingia benki yako baada ya siku kadhaa, bila ya kuwa na tovuti. Utaombwa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Kwa sisi wa Zanzibar usajili ni wa BPRA, si BRELA, na wapo waliopoteza wiki kwa kujaza fomu za upande wa pili.

Kabla ya kumtumia mteja kiungo hicho, mwombe mtu mwenye kadi ya benki ya nje alipe kiasi kidogo. Kadi ya hapa ikipita si ushahidi kwamba ya Ujerumani itapita, maana benki ya nje mara nyingi humtaka mwenye kadi athibitishe kwa simu yake, na hatua hiyo ikikatika malipo hurudi bila maelezo ya maana. Mteja atadhani wewe ni tapeli. Na pesa ikishaingia, tunza risiti ya posta yenye namba ya ufuatiliaji. Mwenye kadi ya Visa anaweza kupinga malipo kwa muda wa hadi siku 120, na bila risiti ile huna cha kumwonyesha mtu.

Sehemu inayonisumbua zaidi, na ambayo soko linaishinda njia ya peke yako bila ubishi, ni kodi ya kule mkoba unakokwenda. Tangu Januari 2021, kifurushi cha bidhaa za chini ya pauni 135 kinachoingia Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani wakati wa kuuza, si mpakani. Ukiuza kupitia soko, soko ndilo linaloikusanya na kuilipa. Ukiuza mwenyewe, wewe ndiye unayetakiwa kujisajili na mamlaka ya mapato ya kule. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vidogo Julai 2021, na Marekani ikafuta msamaha wake wa ushuru tarehe 29 Agosti 2025. Matokeo yake Ujerumani ni kwamba mteja hudaiwa kodi, pamoja na ada ya kushughulikia kifurushi, mlangoni kwake. Kama hukumwambia mapema atakikataa, na mkoba utarudi Unguja kwa gharama yako. Sentensi moja kwenye ujumbe wa kwanza, kwamba atadaiwa kodi ya nchini kwake wakati wa kupokea, huzuia hasara hiyo. Kwa oda za Uingereza, mpaka uwe umejisajili, zipitishe kwa mshirika aliye kule.

Kisha mkoba wenyewe. Ukili ni mwepesi, na wepesi huo unahadaa. Kampuni za vifurushi vya ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, lolote lililo kubwa zaidi, na ukubwa hupimwa kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha kugawa kwa 5,000. Mkoba wa 45 kwa 35 uliojazwa ukasimama na unene wa 20 unahesabiwa kilo 6.3, hata kama mizani inasoma chini ya kilo moja. Ulaze mpaka ubaki unene wa 8, unakuwa kilo 2.5. Lakini ukili mkavu ukiukunja kwa nguvu chane hukatika kwenye mkunjo. Wasusi huunyunyizia maji kidogo, wakaulaza chini ya ubao usiku kucha, kisha wakauanika kivulini ukauke kabisa kabla ya kuufunga, kwa sababu ukifungwa na unyevu hufika una kuvu. Mikoba mitatu iliyopishana ukubwa, mmoja ndani ya mwingine, hukaa katika boksi la unene wa 12, yaani kilo 3.8 kwa yote. Kwa hiyo bei ya kumpa mteja wa mbali ni ya seti ya mitatu, na hii nasema bila kusita.

Kwa wateja wa hapa na wa Dar, mambo ni mepesi. Picha Instagram au tangazo Jiji, malipo kwa simu, mzigo kwenye boti. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo, usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Na namba za wateja ziandike kwenye daftari lako. Jumia ilifunga soko lake la Tanzania Novemba 2019, na muuzaji aliyekuwa akiwajua wateja wake kwa namba za oda tu hakubaki na njia ya kuwafikia.

Duka kamili lina wakati wake. Weka daftari mlangoni, andika kila mgeni aliyeomba kutumiwa na kila aliyelipa kweli kwa kiungo. Waliolipa wakifika 16 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, lipia Shopify. Kabla ya hapo, chukua mkoba mmoja, ulaze, ufunge, uende nao Posta ya Shangani ukapimwe, uandike bei waliyokwambia.