Sehemu D na mdomo uliofungwa

Karatasi ya Kuhesabu ya darasa la kwanza iliyozunguka shule kadhaa za Nachingwea na Ruangwa wakati wa kufunga muhula imeshasahihishwa, ripoti zimeshafika mikononi mwa wazazi, na walimu walioisimamia wanajua ilipoharibikia. Iliharibikia kwenye mstari mmoja wa maelekezo ya msimamizi: asisome swali lolote kwa sauti. Mtunzi aliona anaziba mwanya wa udanganyifu. Alichokifanya ni kugeuza mtihani wa Kuhesabu kuwa mtihani wa Kusoma, tena bila kumwambia mtu.

Kwanza haki yake apewe. Sehemu A, ya kuhesabu picha na kuandika namba, ilikuwa safi, ingawa mtu aliyechora matofaa kwa watoto wa nchi ya korosho anastahili kuulizwa alikotoa picha zake. Sehemu B, ya kuzungushia namba kubwa, ilikuwa na mfano uliokwishafanywa. Sehemu C ilipanga kujumlisha na kutoa kutoka jepesi kwenda gumu. Mwongozo wa usahihishaji nao uliagiza kwamba 3 iliyogeuzwa ihesabiwe kuwa 3, na hilo ni sawa kabisa kwa mtoto wa miaka 6.

Basi Sehemu D. Mafumbo matano, kila moja alama 4, jumla alama 20 kati ya 50. Sehemu tatu za mwanzo zilikuwa na maswali matano matano ya alama 2. Mtoto aliyepata kila kitu katika A, B na C, kisha akaambulia sifuri katika D, anatoka na 30. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani, ambayo shule nyingi huyafuata hata katika mitihani yake ya ndani, 30 ni C; B inaanzia 31. Mtoto ambaye hajakosa hesabu hata moja anapelekewa nyumbani C yenye maoni ya kuongeza bidii.

Tuliangalie swali la 16, maana ndilo linalotoa siri yote. Asha ana korosho 5. Musa ana korosho 3 zaidi ya Asha. Musa ana korosho ngapi? Sasa rudi nyuma ukurasa mmoja, swali la 12: 5 + 3 = ☐. Hesabu ni ileile. Mtoto aliyeandika 8 katika la 12 na akakosa la 16 hakushindwa kujumlisha. Alishindwa kitu kingine, na kazi ya msahihishaji ilikuwa kukijua kitu hicho.

Majibu yenyewe yanasema. Kuna waliouacha mstari mtupu, na hao hatuwezi kujua zaidi. Kuna walioandika 3, kwa sababu jicho lilidaka "Musa ana korosho 3" likaishia hapo. Kuna walioandika 53, yaani waliziokota namba mbili wakazipanga. Na kuna kundi linalotia uchungu zaidi: wale walionakili kwa mwandiko mzuri, herufi moja moja, "Musa ana korosho", wakamaliza na nukta. Hawa walifanya kile walichofundishwa wakiona sentensi wasiyoielewa katika karatasi iliyo mbele yao, nacho ni kunakili. Makundi hayo yote manne mwongozo uliyapa sifuri ileile.

Kosa la pili liko humohumo. Mwongozo ulisema alama 4 au 0, basi. Mtoto aliyechora vijiduara vitano, akaongeza vitatu, kisha akahesabu vibaya akapata 7, alilingana na aliyenakili sentensi. Huyo amelielewa fumbo na ameteleza kwenye kuhesabu tu. Alama 2 za njia, iwe mchoro, vijiti au sentensi ya hesabu, na alama 2 za jibu zingetosha kumtenga. Jibu sahihi bila mchoro lipewe zote 4, maana mtoto anayehesabu kichwani haadhibiwi kwa kutochora.

Watetezi wa marufuku wana hoja moja ya maana. Mwalimu akisoma kwa sauti, sauti yenyewe hutoa jibu: hukazia "zaidi", hunyoosha vidole, humtazama mtoto anayekosea. Kweli. Lakini dawa yake inajulikana. Msimamizi anapewa maneno yaliyoandikwa, anasoma kila fumbo mara mbili kwa mwendo uleule, mikono mezani, haongezi neno. Mtihani wenyewe ulikuwa wa ujirani mwema. Walimu wangebadilishana shule siku hiyo, kama wanavyofanya kwa darasa la saba.

Wala si jambo geni. Upimaji wa EGMA uliofanywa nchini mwaka 2013 kwa darasa la pili, wakubwa kuliko hawa, ulimkalisha mtoto mmoja mmoja. Mafumbo husomwa na mpimaji, na vitu vya kuhesabia vipo mezani. Kuanzia 2014 mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-T, na walimu wa darasa la kwanza na la pili hapa walifunzwa mbinu za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mambo hayo yamesahauliwa upesi katika mkoa ambao jimbo lake la Ruangwa limetoa mwalimu aliyefika hadi uwaziri mkuu.

Safu hii imewahi kuwasifu walimu wa UPE na itarudia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwasukuma darasani vijana wengi waliomaliza la saba tu, mafunzo yao wakiyapata huku wakifundisha. Wengi wao hawakuwa na karatasi za kugawa. Fumbo liliandikwa ubaoni, likasomwa, likasomwa tena, darasa zima likiwa kwenye swali moja. Mashine ya kuchapa ilipokuja, mtunzi alihamia steshenari na mdomo wa mwalimu ukafungwa.

Hata hivyo, kusoma kwa sauti hakuponyi kila kitu, na hapa ndipo mtunzi alipopaswa kuumiza kichwa. Mafumbo matatu kati ya matano yalikuwa ya kulinganisha, kama la Asha na Musa. Aina hiyo ni ngumu kwa umri huu hata ikisomwa, kwa sababu korosho 3 za "zaidi" si rundo analoliona mtoto. Ni tofauti kati ya marundo mawili. Fumbo hilo la Asha lingeandikwa hivi: Asha alikuwa na korosho 5. Mama akampa 3. Sasa ana korosho ngapi? Jibu ni 8 vilevile, ila sasa kuna tukio la kufuata. Watoto wengi huanza na hili, na la kulinganisha huja baadaye, likiwa moja mwishoni mwa sehemu, si matatu mfululizo.

Kwa mwalimu mwenye karatasi hizo bado kabatini, kuna kazi ya nusu saa. Achukue waliopata 8 katika la 12 na sifuri katika la 16. Amwite mmoja mmoja, amwekee korosho mezani, amsomee fumbo bila kuonyesha kwa kidole. Akijibu 8, tatizo lilikuwa kusoma, na alama za Sehemu D hazimhusu. Akijibu 3, aulizwe nani ana korosho nyingi. Akisema Musa, amelielewa neno "zaidi" na anahitaji kupanga mafungu mawili sambamba hadi aione ile tofauti. Akisema Asha, neno lenyewe halijamkaa, na kwa mtoto ambaye nyumbani kwao wanaongea Kimwera hilo linafundishwa kwa mdomo, kwa vitu, kabla ya karatasi nyingine kumfikia.