Sababu mbili, jumbe mbili

Milima ya Usambara ina tabia ya kukata simu. Mnara ukiwa upande wa pili wa mgongo wa mlima, aliye bondeni hupata mawimbi dhaifu, na mazungumzo huhitaji mawimbi yasiyokatika tangu "haloo" hadi kwaheri. SMS haina haja hiyo. Simu isipopatikana, kituo cha mtandao huuhifadhi ujumbe kwa muda na kujaribu tena, hivyo mtu akipanda kilimani dakika chache anaupata.

Tuseme mwombaji wa kazi anaishi bondeni, nje ya Mlalo. Mwajiri akipiga mara mbili bila kumpata, huenda akahamia kwa jina linalofuata. Kwa hiyo ujumbe wake unatangulia, mara tu baada ya kutuma maombi:

"Habari za kazi. Niliomba ukarani wa ghala. Huku bondeni simu hukatika, SMS hufika. Naomba SMS. Kupiga: Jumanne saa 4-5 asubuhi, nitakuwa Lushoto."

Akimalizia kwa jina lake la kwanza, bado hazidi herufi 160, kipimo cha SMS moja, nafasi zikihesabiwa. Kilichoubeba ujumbe huu ni sentensi ya mwisho. Bila siku na saa, mwajiri angesoma "usinipigie" na kushuku kwamba mtu anakwepa.

Mwenye usikivu hafifu akiuazima ujumbe huohuo, ataumbuka Jumanne. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuona haya, nao mtego wanautega wenyewe: mwajiri atapiga saa 4 kamili, mtandao umetulia, na mwombaji atasikia "saa tatu" palipotamkwa "saa tano". Kuongeza sauti hakutamsaidia sana. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilhali sehemu kubwa ya mlio wa "s" na "f" iko juu ya hapo. Midomo ya msemaji nayo haionekani.

Huyu anahitaji maneno mengine: "Usikivu wangu ni mdogo, kwa simu sisikii vizuri hata mtandao ukiwa mzuri. Naomba tuwasiliane kwa SMS. Usaili wa ana kwa ana naumudu, mradi msaili anitazame anapozungumza." Historia ya ugonjwa haimo, wala haihitajiki. Mwajiri anataka kujua afanye nini, na ameambiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Hata hivyo, ubaguzi wa simu isiyopigwa tena ni mgumu kuuthibitisha. SMS yenye tarehe walau inaonyesha kwamba mwajiri aliarifiwa. Isifutwe, na majibu yake yatunzwe pamoja nayo mpaka usaili upite.